Salio, jumla, amana, ofa: maneno manne yanayogeuza invoisi yako kwenye tafsiri ya simu

Leo tuongelee zile barua pepe za Kiingereza ambazo unazikopi, unazibandika kwenye programu ya kutafsiri, unasoma Kiswahili chake haraka haraka, unajibu "sawa", halafu unarudi kufunga oda za wateja. Mara nyingi inakwenda salama. Ila kuna maneno manne ambayo yakipita kwenye tafsiri hiyo, karatasi inaweza kukuambia kinyume kabisa na kilichoandikwa, na wewe usishtuke hata kidogo.

Mimi nina stesheneri ndogo Kariakoo, ndani ndani huku upande wa Mtaa wa Sikukuu. Nachapa, naprinti, natoa kopi. Siku hizi nusu ya kazi yangu ni watu wanaokuja na simu mkononi: "Kaka, hebu niprintie hii invoisi, na uniangalizie hapa wanamaanisha nini." Kwa hiyo nimeshasoma invoisi na mikataba mingi ya wauzaji wa mtandaoni, Kiingereza chake upande mmoja na tafsiri ya simu upande wa pili.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni hiki: tafsiri mbovu ya waziwazi haina hatari sana. Ukiandika "natafuta fremu Kariakoo" ikatoka kana kwamba unatafuta fremu ya picha, utacheka, na utajua pana tatizo. Ukimtaja winga wako, msomaji wa mbali akadhani unaongelea mchezaji wa pembeni wa Simba au Yanga, atakuuliza. Upuuzi unajitangaza wenyewe. Hatari iko kwenye tafsiri inayosomeka vizuri, yenye neno unalolijua na unalolitumia kila siku, ila kwenye ile karatasi limebeba maana nyingine.

Salio: lako, au deni lako?

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi.

Kwenye hesabu za Kiingereza, neno "Balance" maana yake ni tofauti inayobaki ukishapiga hesabu za pande zote mbili. Neno lenyewe halisemi nani anamdai nani. Linaweza kuwa pesa yako iliyobaki kwao, linaweza kuwa deni lako kwao. Programu ya kutafsiri inaliandika "salio", na kwa kamusi haijakosea, maana salio ni kile kinachobaki.

Sasa sisi tunalisikiaje? Tulianza kuangalia salio la vocha kwenye simu. Halafu M-Pesa ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo kila ukituma au kupokea hela, ujumbe unakuambia salio lako ni kiasi fulani. Miaka yote hiyo salio limekuwa pesa yako, ipo, unaweza kuitumia. Kwa hiyo ukisoma "Salio: dola 280", kichwa kinakuambia una dola 280.

Nikupe mfano wa dada mmoja anayeuza viatu vya watoto mtandaoni. Ana wakala Guangzhou anayemnunulia mzigo, na wanaendesha daftari la pamoja: yeye anatuma pesa kidogo kidogo, wakala ananunua, mwisho wa mwezi wakala anatuma taarifa ya hesabu. Mwezi huo daftari lilikuwa hivi. Dada alituma dola 1,200. Mzigo wa kwanza ulikuwa pea 200 kwa dola 5, yaani dola 1,000. Mzigo wa pili ulikuwa pea 90 kwa dola 6, yaani dola 540. Katika huo wa pili, pea 10 zilikuwa na soli zilizoachia, wakala akakubali kuzifuta, dola 60. Chini kabisa kukaandikwa "Balance: 280".

Tafsiri ikasema "Salio: 280". Dada akafurahi. Akaagiza pea nyingine 46 za dola 6, jumla dola 276, akiamini pesa iko kule kule na zinabaki dola 4. Mzigo haukutoka godauni. Alipouliza, wakala akamjibu kwamba deni sasa ni dola 556.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mzigo wote aliochukua mwanzo ni 1,000 kujumlisha 540, sawa na 1,540. Toa 60 za viatu vibovu, inabaki 1,480. Toa 1,200 alizotuma, inabaki 280. Mzigo ni mkubwa kuliko pesa aliyotuma, kwa hiyo 280 ni deni lake. Ongeza 276 za oda mpya, ndiyo hiyo 556. Wakala hakumwibia hata senti moja.

Angalia kitu kingine hapo. Yeye alijihesabia kuwa na dola 280, kumbe anadaiwa dola 280. Pengo kati ya mawazo yake na ukweli halikuwa 280, lilikuwa 560. Neno hili likigeuka, kosa linakuwa mara mbili ya namba unayoiona.

Utajuaje mapema? Kuna njia mbili. Ya kwanza, angalia kwenye karatasi ya Kiingereza, siyo kwenye tafsiri, kama pembeni ya namba kuna herufi "DR" au "CR". Kwenye taarifa ambayo muuzaji anamtumia mteja wake, "DR" maana yake mteja anadaiwa, na "CR" maana yake mteja ana pesa kwa muuzaji. Programu nyingi za kutafsiri zinaziacha herufi hizo kama zilivyo, au zinazipoteza kabisa. Ya pili, kama hakuna herufi, piga hesabu mwenyewe kama tulivyofanya: mzigo wote, toa uliorudishwa, toa pesa uliyotuma. Ikibaki namba juu ya sifuri, unadaiwa. Ikishuka chini ya sifuri, hiyo sasa ni pesa yako.

Kwenye daftari lile lile kulikuwa na mtego mdogo wa pili. Zile dola 60 za viatu vibovu ziliandikwa "Credit note". Neno "credit" kwa Kiswahili programu hulipa tafsiri ya "mkopo", kwa sababu benki zikitoa mkopo ndilo neno lao mojawapo. Kwa hiyo karatasi inayosema "tumekupunguzia deni dola 60" inaweza kukufikia kama noti ya mkopo ya dola 60, na wewe ukaruka: "Mimi sijakopa kitu!" Nimeshamwona mtu akikataa kabisa kuipokea karatasi iliyokuwa inampunguzia deni. Ukikutana na "Credit note" kwenye Kiingereza, isome hivi: hati ya kupunguza deni. Inakaa upande wako.

Jumla: ya wapi?

Hili linatokea zaidi pale wewe unapoandika Kiswahili na mteja anasoma Kiingereza. Kariakoo inalisha watu wa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, na wengi wao sasa wanaulizia bei kwa simu kabla hawajapanda basi. Wa Zambia na Malawi wanakuandikia Kiingereza.

Sisi tuna neno moja, jumla, linalofanya kazi mbili. Kuna jumla ya hesabu, yaani ukijumlisha vyote unapata kiasi gani. Na kuna bei ya jumla, ile tunayoitofautisha na rejareja. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kabisa kwa kazi hizo: "total price" na "wholesale price". Programu ikikutana na "bei ya jumla" lazima ichague moja, na ikiwa umeandika kifupi bila kuipa msaada, inaweza kuchagua isiyo yako.

Muuzaji mmoja wa fulana alimwandikia mteja wa Lilongwe: "Fulana dazeni 2, bei ya jumla 84,000." Akilini mwake alikuwa anasema kwamba kila dazeni, kwa bei ya jumla, ni shilingi 84,000, ambayo ni 7,000 kwa fulana moja. Dazeni mbili ni 168,000. Mteja akasoma Kiingereza kinachosema dazeni mbili, bei yote kwa pamoja 84,000. Kwake hiyo ni 3,500 kwa fulana. Akaona imekaa vizuri, akatuma 84,000, akaandika "nimelipa yote". Muuzaji akaona ni nusu, akasubiri nusu nyingine. Siku tatu kila mmoja anamwona mwenzake tapeli. Mwisho walikubaliana mteja achukue dazeni moja kwa hela ile ile, yakaisha.

Jiulize kwa nini mteja hakushtuka. Ni kwa sababu bei zote mbili zinawezekana. Fulana ya 3,500 ipo, ya 7,000 ipo. Kama ingekuwa dazeni 20, mteja angesoma "dazeni 20 kwa 84,000", yaani 350 kwa fulana, angejua hapo pana kosa na angeuliza. Kwa hiyo kadiri oda inavyokuwa ndogo, dazeni mbili, katoni mbili, robota mbili, ndivyo kosa hili linavyojificha vizuri zaidi. Na oda ndogo ndizo zetu sisi wauzaji wadogo.

Mchezo unakwenda upande wa pili pia. Muuzaji wa nje akikuandikia "Total price: 600" kwa katoni tatu, tafsiri inaweza kuwa "Bei ya jumla: 600", na wewe ukadhani ni dola 600 kwa katoni, bei ya jumla. Unaiacha biashara nzuri kwa sababu umeiona ghali mara tatu.

Dawa yake ni kuliacha neno jumla kabisa unapoandika kitu kitakachotafsiriwa. Andika: "Dazeni moja ni shilingi 84,000. Dazeni mbili ni shilingi 168,000. Utanilipa shilingi 168,000." Sentensi tatu fupi, hakuna pa kupotelea.

Amana na ofa: barua moja, maneno mawili

Sasa tuje kwenye mikataba. Maneno haya mawili napenda kuyaweka pamoja kwa sababu mara nyingi yanakuja kwenye barua moja. Kiwanda au muuzaji wa nje anakuandikia kwamba "offer" yake inadumu mpaka tarehe fulani, na kwamba "deposit" ya asilimia 30 ndiyo inathibitisha oda.

"Deposit" hutafsiriwa sana "amana". Chanzo chake kinaeleweka. Kibenki, pesa unayoweka benki ni amana, na ndiyo maana nchini tuna Bodi ya Bima ya Amana inayolinda pesa za wateja wa mabenki. Programu imejifunza neno hilo kwenye maandishi ya aina hiyo. Lakini amana kwa Mswahili ni kitu nilichokukabidhi unitunzie, na nikikitaka unanirudishia. Kula amana ya mtu ni aibu kubwa.

Kwenye oda ya bidhaa, "deposit" ni malipo ya kwanza ya kufunga biashara. Mtaani tunaita kishika uchumba. Kwa oda ya dola 900, asilimia 30 ni dola 270, na zinabaki dola 630 za kulipa, kwa kawaida kabla mzigo haujapakiwa. Hizo 270 ni sehemu ya bei. Kiwanda kikishazipokea kinanunua kitambaa na kuanza kukata. Ukighairi wiki inayofuata, wao wanaziona kama gharama yao, wakati wewe uliyesoma "amana" unazisubiri zirudi kwenye akaunti. Mtu mwingine anakosea kwa namna tofauti: anadhani amana ni juu ya bei, kwamba lazima awe na 900 na nyingine 270 za dhamana, anaona mtaji hautoshi, anaacha oda ambayo alikuwa anaimudu.

Cha kutafuta kwenye Kiingereza ni neno moja: "refundable" au "non-refundable". La kwanza maana yake pesa inarudishwa, la pili maana yake hairudi. Angalia ile "non" ya mwanzo vizuri. Na kama hakuna lolote kati ya hayo, basi barua haijasema, na ni lazima uulize kabla hujatuma kitu.

Ofa nayo ina safari yake. Ni neno la Kiingereza lililohamia kwetu likabadilisha kazi. Dar ukisikia ofa, ni punguzo: nunua mbili upate moja, au rafiki yako anasema "leo soda ofa yangu". Ofa ni kitu cha kupokea na kushukuru. Kwenye mkataba, "offer" ni pendekezo kamili la biashara: bidhaa hii, idadi hii, bei hii, malipo hivi. Siyo lazima pawe na punguzo lolote. Na ukilikubali, umejifunga.

Hilo siyo jambo la Wazungu peke yao. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema pendekezo likishakubaliwa linakuwa ahadi. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofanyika kwa njia ya elektroniki, kwa hiyo usijidanganye kwamba barua pepe siyo karatasi. Kama muuzaji yuko nchi nyingine, mkataba wenyewe unaweza kusema sheria ya kwao ndiyo itatumika, lakini hoja ya pendekezo na kukubali utaikuta sehemu nyingi.

Sasa fikiria umesoma "Ofa yetu inadumu hadi 30 Juni". Unaona punguzo, unajibu kiungwana: "Asante sana, ofa nimeipokea." Programu inaweza kumwandikia mwenzako kwamba umeikubali. Wewe umeshukuru, yeye ameandika oda.

Kutofautisha siyo kazi ngumu ukijua pa kuangalia. Punguzo linakuonyesha bei mbili, ya zamani na mpya. Pendekezo la mkataba linakuonyesha bei moja, idadi, namna ya kulipa na tarehe ya mwisho. Ukiona tarehe ya mwisho na masharti ya malipo, hiyo siyo ofa ya dukani, hata kama simu imeandika ofa.

Kwa nini kutafsiri kinyumenyume hakukuokoi

Wengi mnaijua mbinu hii: unachukua Kiswahili ulichopewa, unakirudisha Kiingereza, ukiona kimerudi vile vile unasema tafsiri iko sawa. Kwa makosa mengi inasaidia. Kwa maneno ya leo inakupa moyo wa bure.

Chukua "Balance: 280". Inakuwa "Salio: 280". Irudishe, inakuwa "Balance: 280". Safi kabisa! "Offer" inakuwa ofa, ofa inakuwa "offer". "Deposit" inakuwa amana, amana inarudi "deposit". Mashine haikuona tatizo, kwa sababu kwake maneno hayo ni pea moja, kama soksi. Tatizo liko pale neno linapoingia kwenye kichwa chako wewe, na hapo mashine haifiki. Kati ya maneno yetu manne, jumla ndilo pekee linaloweza kukamatwa kwa kurudisha, tena siyo kila mara.

Ukiyaangalia vizuri, maneno yote manne yana kitu kimoja. Ni majina, na yanakaa peke yake: kwenye kichwa cha safu, chini ya mstari wa hesabu, juu ya barua. Salio. Jumla. Amana. Hakuna kitenzi. Na Kiswahili nguvu yake iko kwenye kitenzi. Ukisema "nakudai", neno moja tu limeshasema ni mimi, ni wewe, na pesa inatoka wapi kwenda wapi. "Unanidai" imegeuza kila kitu. "Utanilipa", "nitakurudishia", hakuna anayeweza kuzisoma vibaya, na programu nazo hazihangaiki nazo sana, kwa sababu mlipaji na mlipwaji wote wawili wameshatajwa ndani.

Kwa hiyo kazi yako ni kuligeuza jina kuwa kitenzi kabla ya kutuma hela. Ukisoma "salio", jiulize: ananidai au namdai? Ukisoma "jumla", jiulize: nitalipa hiki kwa dazeni moja au kwa zote? Ukisoma "amana", jiulize: nikighairi watanirudishia? Ukisoma "ofa", jiulize: nikijibu hivi nitakuwa nimeagiza? Kama barua haijibu, muulize mwenye barua. Na muulize kwa sentensi ambayo lazima aijibu kwa upande mmoja.

Hizi hapa nne, kopi uziweke kwenye simu yako. Ubadilishe namba tu.

Ya kuuliza nani anamdai nani:

```
Please confirm: do I owe you USD 280,
or do you owe me USD 280?
```

Ya kuuliza bei ni ya kipimo gani:

```
Is this price for 1 dozen, or for the whole order?
```

Ya kuuliza malipo ya kwanza:

```
If I cancel the order, will you return the deposit?
Yes or no?
```

Na ya kujikinga pale unapoulizia bei tu, hujaagiza bado:

```
I am only asking about the price.
I am not placing an order yet.
```

Majibu yao usiyafute. Yakae kwenye barua pepe ile ile, siyo kwenye ujumbe wa sauti, kwa sababu siku ya ubishi kinachotazamwa ni maandishi.

Jambo la mwisho, na hili ni kwa wanaosaini mikataba mirefu. Tafsiri uliyoisoma kwenye simu siyo mkataba. Ulichosaini ni ile karatasi ya Kiingereza. Hata pale muuzaji anapokuletea lugha mbili kwenye karatasi moja, tafuta mstari wenye maneno "shall prevail". Mstari huo unasema zikipingana, lugha gani ndiyo inashika. Ukikuta ni Kiingereza, basi Kiswahili cha pembeni ni cha kukusaidia kusoma tu, hakiwezi kukutetea. Mkataba wa aina hiyo, wenye pesa ambayo ukiipoteza fremu inafungwa, mpelekee wakili au mfasiri wa kweli ausome na wewe mkiwa mmekaa. Zile sentensi nne zinatosha kwa invoisi na oda zetu za dazeni mbili tatu.

Ukimaliza kusoma, fungua taarifa ya mwisho uliyotumiwa na wakala wako. Nenda mstari wa chini kabisa, usome kwa Kiingereza chake, halafu chukua kikokotoo: mzigo wote, toa uliorudishwa, toa uliyotuma. Dakika tano tu utajua kama ile namba ni yako au ni yake.